Wiki Moja ya Msiba

Simu ya mama mdogo iliingia kabla ya adhana ya alfajiri. Alisema maneno machache tu: kwamba bibi amekata roho usiku huo akiwa usingizini, kwamba maziko yatakuwa baada ya swala ya alasiri huko huko Mwera, na kwamba nisikose kufika. Nilikaa kitandani kwa muda, kisha nikanyoosha mkono kuuchukua ufunguo wa pikipiki uliokuwa mezani. Ufunguo huo nimeufunga kwa kipande cha pindo la kanga ya bibi. Ndicho alichokuwa amefungia fedha alizonipa za kutafutia leseni, baada ya kuuza nazi za msimu mzima, na fundo lilikuwa limekaza hata ikambidi alilegeze kwa meno machache aliyobakiwa nayo.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nikipiga hodi kwa Mwalimu, Ngamiani. Mwalimu ndiye mwenye pikipiki. Alistaafu baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, akainunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, akanikabidhi kwa mkataba wa miezi 14: kila siku namletea hesabu ya shilingi 10,000, isipokuwa Jumapili ambayo ni yangu, na mkataba ukiisha kadi inabadilishwa jina, pikipiki inakuwa mali yangu. Nilikuwa katika mwezi wa tisa. Kijiweni wengi wanawalalamikia matajiri wao, lakini mimi nilikuwa na haki ya kumheshimu wangu, kwa kuwa hakuwahi kunidai shilingi ambayo haikuwemo katika daftari, wala kusahau hata moja iliyokuwemo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema, mwanangu? Pikipiki imepata nini?"

"Pikipiki ni nzima. Nimefiwa na bibi yangu, aliyenilea."

Aliweka chini ufagio aliokuwa nao. "Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Pole sana. Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilihofu kwamba nikikaa nitalia, na nililokuja kulisema halitatoka. Nikamwomba, nikiwa nimesimama pale barazani na kofia ngumu mkononi, aniruhusu wiki nzima, kuanzia siku hiyo ya Jumatatu hadi Jumapili, na pikipiki ibaki kwake.

Mwalimu alinyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile ambayo naamini ndiyo aliyokuwa akiwauliza wanafunzi wake hesabu za mafumbo: "Maziko ni leo alasiri. Matanga yanaanuliwa siku ya tatu. Siku zilizobaki ni za nini?"

Lilikuwa swali la haki, nami nilikuwa nimelifikiria njiani kote. Nilimweleza kwamba mama yangu alikwisha tangulia, na kwamba mama mdogo ameolewa mbali na pale, hivyo mimi ndiye mjukuu niliyekulia mkononi mwa marehemu na ninayejua mambo yake. Bibi alikuwa akikopa: unga dukani, mafuta ya taa kwa jirani, fedha ndogo ndogo kwa wanawake wenzake wanaosuka makuti. Hakuandika popote, aliyaweka yote kichwani, na sasa kichwa hicho kimelala. Imamu atasimama mbele ya jeneza aulize kama yupo anayemdai, na mimi nitajitokeza niseme kwamba madeni yake ni juu yangu. Lakini ninawafahamu watu wa kwetu. Anayedai deni dogo huona haya kulitaja mbele ya maiti, akaenda nalo nyumbani. Nilitaka nipite mlango kwa mlango, nimsikilize kila mtu faragha, nikubaliane naye, ili siku ya saba tukisoma hitima asiwepo anayemdai bibi yangu hata kibaba cha mchele.

"Na hesabu yangu?" aliuliza Mwalimu, lakini kwa upole. "Sikuulizi kwa ukali. Alhamisi nina rejesho la kikoba, na rejesho hilo ni hiyo hesabu yako, sina nyingine."

Nilikuwa tayari kwa hilo pia. Nilimwambia kwamba rafiki yangu wa kijiweni angeweza kushika deiwaka wiki hiyo na kumletea hesabu kila jioni. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Mara ya mwisho pikipiki ilipokwenda kwa deiwaka, nilipougua malaria, ilirudi na shokomzoo ya mbele imepinda na kioo kimoja hakipo, na gharama tuligawana. "Afadhali ilale hapa uani kuliko niirudishe gereji," alisema. Akafikiri tena. "Wala usiniombe kwenda nayo. Mkataba unasema isitoke nje ya mji."

"Sikukusudia, Mwalimu. Nitapanda basi la Pangani, nivuke kwa pantoni hadi Bweni, hapo nitapata usafiri wa kunifikisha Mwera."

Nilitoa mfukoni fedha zangu za Jumapili. Zilikuwa shilingi 23,000, nyingi zikiwa noti za elfu moja moja na za elfu mbili, nyingine bado zina unyevu wa mvua ya jana yake. Nikamwomba achukue 20,000 zimsaidie kwenye rejesho. Alizihesabu zote juu ya daftari lake, akizinyoosha moja moja kwa kiganja, akajitengea 10,000 na kunirudishia zilizobaki.

"Hii ni hesabu ya leo. Siku tano nyingine tutazipeleka mwisho wa mkataba, utazilipa huko. Kikobani nitaomba nilipe pungufu, nitawaeleza kuna msiba."

Sikumwona vibaya kuipokea ile 10,000. Alikuwa na shida yake kama nilivyokuwa na yangu, na ningeona uzito zaidi kama angesema amenisamehe yote, kisha Alhamisi aende kuaibika mbele ya wenzake.

Niliisukuma pikipiki hadi uani, nikaiegesha chini ya mwembe, nikafunga koki ya mafuta. Nilipoufungua ufunguo kutoka kwenye kile kipande cha kanga ili nimkabidhi, vidole vilinikataa. Mwalimu alitazama fundo, akatazama uso wangu, akaenda ndani. Aliporudi alikuwa na chupa ndogo ya marashi na karatasi iliyokunjwa yenye kafuri.

"Wape wanawake watakaomwosha. Nilijiwekea mwenyewe, lakini nitanunua nyingine, inshallah. Na huo ufunguo niachie hivyo hivyo na kitambaa chake, nitautunza."

"Hapana, Mwalimu. Kitambaa nitakwenda nacho."

"Ndivyo," alisema, akangoja hadi nilipomaliza kulifungua.

Kisha alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari kwenye ukurasa wa wiki ile, ambao tayari aliuchorea mistari na kuuandika tarehe. Kwenye mstari wa Jumatatu aliandika 10,000, nami nikatia saini. Kalamu ikabaki hewani juu ya mistari iliyofuata.

"Bibi yako aliitwa nani?"

Miezi tisa nilikuwa nimesimama kwenye baraza ile kila jioni, na hatukuwahi kufika kwenye jina hilo.

"Mwanahamisi," nilisema. "Mwanahamisi binti Salimu."

Aliliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, taratibu, herufi zikishuka kutoka mstari wa Jumanne hadi wa Jumamosi, mahali ambapo hesabu yangu ilipaswa kuwa. Akanigeuzia daftari nitie saini pembeni yake, na wakati nikitia saini, nilimsikia akianza kumsomea Fatiha kwa sauti ya chini.