Ripoti kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya: Haki za Waumini Walio Wachache, Kaunti ya Lamu

Imeandikwa na wasaidizi wa sheria wa kijamii, Lamu

Sensa ya 2019 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu asilimia 11 ya Wakenya. Katika mji wa kale wa Lamu, hata hivyo, Mkristo ndiye mchache. Mpeketoni, ambako serikali iliwagawia mashamba wakulima wa kutoka bara tangu miaka ya 1970, mambo ni kinyume. Kwa hiyo kila tunapoandika "wachache" tunataja na mahali.

Usiku wa Juni 15, 2014 na usiku uliofuata, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani. Manusura waliwaeleza wanahabari kwamba washambuliaji waliwauliza wanaume dini yao. Al-Shabaab walidai kuhusika. Rais Uhuru Kenyatta alisema ni njama za wanasiasa wa mahali. Tunaziweka kauli zote mbili. Wapo wanaosema Waislamu wa Lamu ndio waliowashambulia majirani zao Wakristo. Ushahidi hauruhusu kauli hiyo, nasi tunaikataa, maana inawaumiza watu ambao nao waliishi kwa hofu ile ile.

Kafyu iliyowekwa Julai mwaka huo iliangukia Ramadhani, na swala za Isha na Alfajiri zikawa ndani ya saa za marufuku. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinaruhusu ibada iwekewe mipaka kwa usalama wa umma, ila mipaka hiyo iwe ya lazima kweli.

Lalamiko lililotuchukulia muda mwingi ni la kanisa moja dogo kisiwani linaloomba kiwanja. Tumeiona nakala ya barua yao yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu halipo. Mchungaji anaamini wananyimwa kwa sababu ya dini. Karani tuliyemuuliza alisema ardhi ile ina mgogoro. Tulipofuatilia zaidi, tukakuta ombi la msikiti katika mtaa huo huo nalo limekaa bila jibu. Tumeandika "kucheleweshwa bila maelezo". Hatukuandika "ubaguzi wa kidini", ingawa tunaelewa uchungu wa waumini wanaosali chini ya turubai.

Upande wa Mpeketoni, mzazi mmoja alisema binti yake aliamriwa avue hijabu shuleni. Mwalimu mkuu amekana. Hatujapata shahidi wa pili, hivyo dai hili lisomwe kama dai.

Tunaiomba Tume iitake ofisi ya ardhi ijibu maombi yote mawili kwa maandishi, ikitaja sababu, kwa kuzingatia Ibara za 27, 32 na 47 za Katiba, na imtume afisa wake azungumze na mzazi huyo faraghani. Majina ya waliotueleza tumeyahifadhi. Tutayakabidhi kwa idhini yao pekee.