Usiku wa Kughani, Ngamiani: Karatasi ya Majina na Maneno ya Mshereheshaji

KARATASI ILIYO MEZANI, KANDO YA BIRIKA LA KAHAWA

Andika lakabu unayotaka kuitiwa na aina ya utungo wako. Nafasi ni 14, kila mmoja dakika 4, na saa inaanza kwenye neno lako la kwanza, siyo unapoinuka kitini. Tarbia ya beti 5 kwa kughani taratibu inaenea. Mwenye utenzi mrefu achague kipande. Kuandika jina ni saa 12 jioni, kipaza sauti kinafunguliwa saa 1 usiku.

1. Chozi la Mkonge: tarbia, naghani
2. Mwana wa Mvuvi: shairi huru
3. Bibi wa Barabara ya 8: utenzi, kwa moyo
4. Jina baadaye: shairi, mara ya kwanza
5. Kinyozi: tathlitha
6. Usiku Mwema: naomba niwe mapema, naishi mbali
7. Mwali wa Chumbageni: shairi huru
8. Fundi Cherehani: takhmisa
9. Pacha: tunajibizana wawili, dakika 4 zilezile
10. Mjukuu: shairi la marehemu babu
11. Daftari la Bluu: huru
12. Mzee wa Baraza: tarbia

Nafasi ya 13 na ya 14 haziandikwi kabla ya mapumziko. Ni za aliyekuja kusikiliza tu, kisha moyo ukamtuma.

MANENO YA KUFUNGUA

Hodi, hodi, wenyeji na wageni! Shikamooni wazee wetu. Vijana, hamjambo? Karibuni Tanga, waja leo, na karibuni uani kwetu.

Ardhi hii ndiyo iliyomzaa Shaaban Robert, Vibambani, mwaka 1909. Tunamkumbuka kwa fahari, lakini usiku huu hatumpimi mtu kwa kimo chake. Umekuja na mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho? Karibu. Umekuja na shairi huru lisilo na kina hata kimoja? Karibu vilevile. Ubishi wa vina umetukuta tunazaliwa na utatuacha tunazeeka. Leo tuusubirishe nje pamoja na viatu.

Sasa dakika. Dada yetu wa saa amekaa mstari wa mbele. Dakika ya 3 atanyanyua kanga. Ya 4 atasimama nayo. Akisimama, malizia ubeti ulio mdomoni. Sitamkata mtu katikati ya mshororo. Ila nikikuachia wewe dakika 9, Mzee wa Baraza atakuja kughania viti vitupu, naye ametoka nyumbani kwa ajili yetu. Kwa hiyo kanga ile ni heshima kwa mwenzio.

Nanyi wasikilizaji mna kazi. Mshairi akisahau, hatucheki, wala hatumkumbushi kwa pamoja. Tunasema, “Taratibu, malenga,” kisha tunanyamaza mpaka arudi. Tujaribu. (Wajibu.) Naam, hivyo hivyo. Na simu isimrekodi mtu bila ridhaa yake.

KUMPANDISHA WA NNE

Nafasi ya 4. Mwenzetu huyu hajawahi kusimama mbele ya watu, ameniruhusu niwaambie. Karatasi yake nimeiona: imekunjwa mara nne, kona zimelainika kama kitambaa, na ubeti wa mwisho umefutwa ukaandikwa upya kwa wino mwingine. Mtu hafanyi hivyo kwa jambo asilolipenda.

(Kwake, kwa sauti ya chini.) Mwanangu, kipaza sauti kiwe umbali wa kiganja kimoja. Miguu yote miwili chini. Vuta pumzi. Saa haijaanza, itaanza ukianza wewe.

AKISHUKA MTU

(Nisiseme “hongera” tupu. Nimrudishie mshororo wake mmoja, kama alivyousema.) Malenga, huu mmoja umebaki nami, nami nitalala nao. Ahsante kwa kutuamini.

KANGA IKISIMAMA NA MTU BADO ANAENDELEA

Malenga, tupe mshororo wa kufungia. (Ningoje. Akimaliza, niwe wa kwanza kupiga makofi.)

MAPUMZIKO, SAA 1:45 HADI 2:05

Kahawa ipo, kashata ipo. Na nafasi mbili zipo. Najua humu kuna mtu ana shairi kwenye simu, amelifungua na kulifunga tangu tuanze. Usije mbele. Njoo unong'oneze tu, hapa kwenye birika. Mkono ukitetemeka, nitakushikia karatasi. Ukitaka kusoma ukiwa umekaa, kiti kitaletwa. Beti moja nayo ni shairi.

KUFUNGA

Tumesikia nafasi zote 14. Wazee, ahsanteni kwa kukesha nasi. Aliyebaki na lake kifuani, karatasi ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao iko mezani tayari, na nafasi ya 1 nimeiacha kwa makusudi. Kalamu imefungwa kwa uzi, haitapotea. Bibi wa Barabara ya 8 anahitaji wa kumsindikiza. Nani anaelekea huko?