Umekopa 600,000: msingi, riba, muda na rejesho

Tuchukue mama anayekausha dagaa Kibirizi, Kigoma. Amekopa shilingi 600,000 kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi.

Hizo 600,000 ndizo msingi wa mkopo, yaani fedha yenyewe aliyokopa. Muda ni ile miezi 6. Riba ni bei ya kutumia fedha ya mwenzako: asilimia 3 ya 600,000 ni 18,000 kila mwezi, na kwa miezi 6 inafika 108,000. Ukijumlisha na msingi unapata 708,000. Gawa kwa 6, utapata 118,000, na hilo ndilo rejesho lake la kila mwezi. Ndani ya rejesho hilo, 100,000 inapunguza msingi na 18,000 ni riba.

Neno la kuchunga ni "kwa mwezi". Wengi husikia "asilimia tatu" wakadhani watalipa 18,000 basi, kumbe ni mara sita.

Halafu uliza: riba inahesabiwa juu ya nini? Hapo juu tumeihesabu juu ya 600,000 mwanzo hadi mwisho, ingawa deni linapungua. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza riba ni 18,000, wa pili 15,000 (deni limebaki 500,000), kisha 12,000, 9,000, 6,000 na 3,000. Jumla ni 63,000. Asilimia ni ileile 3, lakini 45,000 inabaki mfukoni, na kwa muuza dagaa hiyo si hela ndogo.

Kurefusha muda kunavutia, maana rejesho linashuka. Kwa hesabu ile ya kwanza, miezi 12 inaleta rejesho la 68,000, lakini riba yote inapanda hadi 216,000. Refusha kama biashara haibebi 118,000, si kwa sababu 68,000 inapendeza machoni.

Angalia pia makato. Wakikata 12,000 ya fomu na bima, unaondoka na 588,000 mkononi, ila msingi unaandikwa 600,000 na riba inakwenda juu ya 600,000.

Tarehe ya rejesho nayo ina mambo yake. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya taa haitoki na dagaa huadimika, kwa hiyo fedha ya rejesho itengwe siku za giza, mzigo ukiwepo. Na kabla ya kusaini, pitisha kidole kwenye kalenda uone muda wa mkopo unaangukia wapi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Aliyechukua mkopo wa miezi 6 mwezi Aprili alikuwa na marejesho matatu ya kulipa ziwa likiwa limefungwa.