Reti mpya za mafundi wa faiba Nakuru, kuanza Jumatatu 1 Juni 2026

Mafundi wetu habari zenu. Ile meseji ya Jumatatu iliyosema reti zitashuka "mpaka asilimia 15 kuanzia mwezi ujao" ifuteni, msiihesabu tena, hii ndiyo inasimama. Simu zilizoingia zilikuwa zinauliza kitu kimoja, asilimia 15 ya nini na mwezi ujao ni upi, kwa hivyo hapa hakuna asilimia, ni shilingi tu.

Kwanza sababu, mjue si kazi yenu imekuwa mbaya. Kastama alikuwa akilipa 3,000 ya kuunganishiwa, sasa analipa 2,500 juu ushindani hapa mjini umekuwa mkali, na hiyo mia tano iliyopotea tumegawana, ofisi inabeba 300 na fundi 200 kwa nyumba.

Nyumba moja, waya isiyozidi mita 50: ilikuwa 1,500, itakuwa 1,300.
Ploti ama flati, milango miwili kwenda juu siku moja: kila mlango ulikuwa 1,200, utakuwa 1,050.
Kila mita ikishapita 50: ilikuwa 20, inabaki 20.
Ripea ya waya iliyokatika: 800, haiguswi.
Nauli ya Njoro 300, Molo 600, Gilgil 600, hizo pia haziguswi.
Umefika na kastama hayuko ama amefunga geti: ilikuwa sifuri, itakuwa 300, bora upige picha ya geti na utume kwa grupu ukiwa hapo hapo.

Hiyo ya mwisho ni nyongeza, na mliiomba kitambo.

Sasa tarehe, hapa ndipo watu hukosana. Kinachoangaliwa ni siku ulipotumiwa jobu kadi, si siku ulipomaliza na si siku unalipwa. Kadi yoyote iliyotumwa mpaka Jumapili 31 Mei 2026, kabla ya saa sita usiku, inalipwa reti ya zamani hata kama kastama amekuzungusha ukaimaliza katikati ya Juni. Kadi iliyotumwa kuanzia Jumatatu 1 Juni ni reti mpya. Mfano umepewa kazi ya Kiamunyi Jumamosi 30 Mei, mvua ikanyesha, ukapanda nguzo Jumatano 3 Juni, hiyo ni 1,500. Umepewa ya Section 58 tarehe 2 Juni na waya imekula mita 70, hesabu ni 1,300 na mita 20 za juu kwa 20 kila moja, yaani 400, jumla 1,700. Ofisi nayo haitakawiza kadi za mwisho wa Mei ndio ziangukie Juni, kastama akilipa leo kadi inatoka leo, na ukiona imechelewa sema.

Malipo ni Ijumaa kwa M-Pesa kama kawaida na gharama ya kutuma ni yetu. Ijumaa 5 Juni mtalipwa kazi zilizoisha mpaka 31 Mei, zote reti ya zamani. Kuanzia Ijumaa 12 Juni zinaweza kuchanganyika, kwa hivyo kila mtu atatumiwa karatasi yake Alhamisi ikionyesha namba ya kadi, tarehe ya kadi na reti iliyotumika, uikague kabla pesa haijatoka. Mambo ya kodi ya KRA hayajabadilika, hakuna makato mapya yamefichwa humu.

Ukweli usemwe, fundi wa nyumba 20 kwa mwezi alikuwa akipata 30,000, sasa atapata 26,000. Hiyo ni 4,000 imetoka mfukoni na si kidogo. Ndio maana tumeandika mapema, leo ni Jumatano 29 Aprili, uko na mwezi mzima na siku kadhaa wa kupanga mambo yako. Reti hizi hazitashuka tena mpaka 31 Desemba 2026, na baada ya hapo kama kuna mabadiliko mtaambiwa siku 30 kabla, kwa maandishi kama hivi.

Kunyamaza hatutahesabu kama kukubali. Ukikubali andika NIMEKUBALI kwa inbox ya ofisi, si kwa grupu, kabla ya Ijumaa 22 Mei. Usipokubali hakuna ugomvi, maliza kadi ulizonazo ulipwe zote reti ya zamani, rudisha ngazi na vifaa vya ofisi, na mlango uko wazi ukitaka kurudi. Hakuna atakayezuiliwa pesa yake ndio akubali.

Jumamosi 9 Mei saa nne asubuhi tuko ofisini kwa wenye maswali, bosi mwenyewe atakuwepo, chai ipo. Wa Molo na Gilgil wakija kwa kikao nauli yao tunarudisha, ile ile 600.