Bajeti ya msosi, Jumamosi hadi Ijumaa (watu 2)

Mume wangu, wiki hii sokoni unaenda wewe, mimi niko zamu. Bahasha ina 70,000. Mafuta, sukari, majani ya chai na gesi usiviguse, vimo kwenye hesabu ya mwezi.

NAFAKA: 13,000
Mchele kilo 2 (6,000)
Sembe kilo 2 (3,200)
Unga wa ngano kilo 1 (2,000)
Mkate 1 (1,800)

Tuna milo 14 ya mchana na usiku. Mchele robo kilo kila upishi, unatoka mara 8. Ugali gramu 400, mara 5. Chapati Jumapili usiku. Cha mchana tunabeba kwenye hotipoti, wote wawili. Wiki iliyopita chipsi mayai zako pekee zilikula 14,000, na bado maharage yakachacha jikoni.

PROTINI: 28,000
Vibua kilo 1 (8,000)
Nyama ya ng'ombe nusu kilo (6,000)
Mayai 10 (4,000)
Maziwa lita 2 (4,000)
Maharage kilo 1 (3,000)
Dagaa wa Mwanza robo kilo (3,000)

Hapa ndipo pesa inapokwenda, kwa hiyo hapa ndipo uwe na jicho. Vibua nenda Feri asubuhi na mapema. Funua shavu: likiwa jekundu, chukua, likiwa la kijivu, muage muuzaji kwa heshima. Waparue hukohuko. Ukifika nyumbani gawa mafungu matatu, paka chumvi na ndimu, kaanga yote siku hiyohiyo. Umeme ulitukatikia siku mbili mwezi uliopita, tukatupa samaki wa 9,000, sirudii tena. Nyama ni milo miwili, usiniletee mifupa. Maharage milo minne: loweka usiku, chemsha nusu kilo kwa mkupuo. Dagaa milo miwili. Iliyobaki mitatu ni mayai au mboga ya nazi.

MBOGA: 12,000
Nyanya kilo 2 (4,000)
Mchicha na matembele mafungu 6 (3,000)
Vitunguu kilo 1 (2,000)
Karoti na hoho (1,500)
Bamia na bilinganya (1,500)

Majani usinunue yote Jumamosi. Chukua mafungu 2, manne yaliyobaki kwa mama wa genge hapa mtaani, Jumatatu na Jumatano. Nyanya nusu ziwe ngumu ngumu, zitaivia ndani.

MATUNDA: 9,000
Ndizi mbivu kichane 1 (3,000)
Papai 1 (2,500)
Machungwa 10 (2,000)
Parachichi 3 (1,500)

Haya Mabibo. Tikiti hapana, hatulimalizi.

Nazi 3 ni 3,000. Jumla 65,000. Hiyo 5,000 ni ya nauli na bei ikipanda. Ikibaki, irudi kwenye bahasha, na nimeshaihesabu.