Ujuzi Usiolipwa: Madereva wa Oda Dar es Salaam

Mwandishi Mmarekani Harry Braverman alieleza mwaka 1974 jinsi uongozi wa kiwanda unavyotenganisha kufikiri na kutenda: meneja anapanga, mfanyakazi anafuata, na ujuzi unamtoka mikononi. Ukimtazama kijana anayepeleka chakula Mikocheni kwa pikipiki, utasema programu ya simu imemfanya vivyo hivyo. Mimi nakubali nusu tu.

Bodaboda wa kijiweni ana maamuzi yake. Anamsoma abiria usoni, anapandisha nauli mvua ikinyesha, anakataa safari ya Mbagala usiku wa manane, na wateja wake wa kudumu wanampigia yeye. Hayo programu imeyachukua yote. Dereva wa oda bei anaikuta kwenye kioo, na mteja ni wa kampuni. Dereva akihama, hahami naye.

Lakini kujua mji hakujamtoka. Pini ya ramani huko Tandale huangukia juu ya bati la mtu mwingine, na dereva hupiga simu kwa salio lake kuuliza kama akifika dukani akate kushoto au apite uchochoro wa msikitini. Masika yakijaza Jangwani na Barabara ya Morogoro ikifungwa, anayejua kuzungukia Daraja la Salenda ni yeye. Chakula kikifika kimepoa, nyota zinazopungua ni zake. Ujuzi, basi, haujafa. Unatumika kila siku, ila umeondolewa kwenye bei.

Kuyumba kwa kipato kunaanzia kwenye pikipiki yenyewe. Dereva mmoja wa Sinza niliyezungumza naye anaendesha ya mkataba: kila jioni hesabu ya 10,000 kwa tajiri, mpaka mkataba uishe ndipo chombo kiwe chake. Mafuta, bando na faini za trafiki ni juu yake. Akaunti yake ilipofungwa hakuambiwa sababu wala hakujua ofisi ya kwenda kuuliza, na hesabu ya jioni ile ilidaiwa kama kawaida. (Wanaosema vijana hawa wamejiajiri wangemwambia hivyo saa ya hesabu.) Ana mabosi wawili, na hakuna hata mmoja anayemwita mfanyakazi wake. Kwa hiyo akivunjika mguu kazini, hana mwajiri aliyemchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Sheria haiko kimya kama inavyodhaniwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa, mfano namna anavyofanya kazi kuongozwa na mwingine, au kumfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Dereva wa Sinza humaliza saa hizo kabla ya wiki kwisha. Kupeleka dai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hata hivyo, ni kupoteza siku za kazi, na tajiri hasamehi hesabu kwa sababu ya kesi.