Matokeo: BCG na TB kwenye majaribio 13, tofauti kati ya tafiti na foresti ploti inavyosomeka

Tumeunganisha majaribio 13 yaliyochapishwa kati ya 1948 na 1980, yote yanalinganisha waliochanjwa BCG na ambao hawakuchanjwa, na kinachohesabiwa ni nani aliugua TB baadae. Jumla watu 357,347: kwenye upande wa chanjo 191,064 na waliougua ni 1,065, upande wa kontroli 166,283 na waliougua 1,510. Data ni ile iliyokuja na paketi ya R inayoitwa metafor kwa jina `dat.bcg`, kwa hiyo yeyote anaweza kurudia hesabu zetu mwenyewe. Kipimo ni uwiano wa hatari, tutauita RR, chini ya 1 maana yake chanjo imekinga.

```
library(metafor)
dat <- escalc(measure="RR", ai=tpos, bi=tneg,
              ci=cpos, di=cneg, data=dat.bcg)
res <- rma(yi, vi, data=dat, method="REML", test="knha")
predict(res, transf=exp)
forest(res, atransf=exp, addpred=TRUE, header=TRUE)
```

Kwa nini modeli ya athari nasibu

Hili tuliliamua kabla hata ya kuona Q, kipimo cha heterojeniti yaani tofauti kati ya tafiti, na tunalisema wazi kwa sababu watu wengi wanasubiri p yake ndo wachague modeli, na hiyo sio sababu. Sababu yetu ni majaribio yenyewe: kuna watoto wachanga wa jamii asilia za Kanada, kuna vijana wa Uingereza, kuna vijiji vya India kusini, kuna Haiti, Puerto Rico, Afrika Kusini, miaka zaidi ya 30 inatenganisha la kwanza na la mwisho, na mgao haukuwa wa bahati nasibu kila mahali, kwingine walipishana mmoja apate mwingine akose. Modeli ya athari moja inataka tuamini kwamba kote huko chanjo ilikinga kwa kiwango kilekile na kinachotofautiana ni bahati ya sampuli tu. Hatuamini hivyo. Kwa hiyo tunachokadiria ni wastani wa athari nyingi za kweli, pamoja na jinsi zinavyotawanyika kuuzunguka huo wastani. Huo mtawanyiko, τ², tumeukadiria kwa REML, na masafa ya uhakika tumeyarekebisha kwa Knapp na Hartung maana majaribio 13 ni machache na njia ya kawaida hujiamini kupita kiasi.

Heterojeniti

Ni kubwa, hamna namna ya kulipunguza hilo neno. Q = 152.23 kwa df 12, p < 0.0001. I² = 92.2%, yaani karibu utofauti wote tunaouona kati ya makadirio unatokana na majaribio kutofautiana kweli na sio makosa ya sampuli. Lakini I² ni asilimia tu, na majaribio makubwa yenye masafa membamba huipandisha hata kama tofauti zenyewe ni ndogo, ndo maana tunaomba msomaji aangalie zaidi τ² = 0.313 kwenye skeli ya log, τ yake ni 0.56. Ukiirudisha kwenye RR maana yake jaribio la kawaida tu linaweza kukaa mara 1.75 juu au chini ya wastani, na hapo hatujazungumzia yale ya pembeni. Kwa DerSimonian na Laird τ² inatoka 0.309, karibu sawa, kwa hiyo utofauti huu haujaletwa na njia ya kukadiria.

Foresti ploti inaonyesha nini

Viboksi 11 kati ya 13 viko kushoto kwa mstari wa 1. Kwa majaribio 8 mstari wote wa uhakika umebaki kushoto, mengine 5 yanaukata mstari wa 1, na hakuna hata moja lililokaa lote kulia. Almasi ya jumla iko kwenye RR 0.49 (95%: 0.33 hadi 0.73), yaani kwa wastani hatari imepungua kama nusu. Bila Knapp na Hartung masafa yangekuwa 0.34 hadi 0.70.

Sasa tazama mistari miwili kwa karibu. La Uingereza la Hart na Sutherland 1977: kesi 62 kwa watu 13,598 waliochanjwa, kesi 248 kwa 12,867 wa kontroli, RR 0.24 (0.18 hadi 0.31). Chini yake kidogo kuna la Madras, India, 1980: watu 88,391 kila upande, kesi 505 kwa waliochanjwa na 499 kwa wasiochanjwa, RR 1.01 (0.89 hadi 1.14). Yote mawili ni makubwa, yote mgao wa bahati nasibu, masafa yao hayakaribiani hata kidogo. Ukiona hivyo kwenye ploti hauhitaji Q ikwambie.

Madras ndo inayoonyesha pia uchaguzi wa modeli unabadilisha nini. Kwenye modeli ya athari moja peke yake inabeba 41% ya uzito wote na jumla inakuwa RR 0.65 (0.60 hadi 0.70), ukiitoa jumla inashuka hadi 0.48 (0.43 hadi 0.53), yaani jaribio moja limevuta jibu lote na masafa mawili hayo hata hayagusani. Kwenye athari nasibu Madras ina uzito wa 10.2%. Gharama yake tunaikubali: jaribio dogo la Comstock na Webster 1969, lenye kesi 8 tu na RR 1.56 (0.37 hadi 6.53), linapanda kutoka 0.3% hadi 3.8%, na tafiti ndogo zikiwa na upendeleo basi modeli hii inazipa sauti kubwa zaidi.

Masafa ya utabiri ni 0.14 hadi 1.76. Hii tumeichora pamoja na almasi makusudi, maana almasi inasema wastani uko wapi tu, wakati mtu anayepanga chanjo sehemu mpya anataka kujua kwake itakuwaje, na jibu ni kwamba inaweza kukinga sana au isikinge kabisa. Kwa hiyo 0.49 hatutaitaja popote kwenye ripoti bila hayo masafa pembeni yake.

Latitudo

Umbali kutoka ikweta unaeleza sehemu kubwa. Kwenye meta-rigresheni (hapa tumetumia Wald ya kawaida) kila digrii 10 za kusogea mbali na ikweta zinaizidisha RR kwa 0.75 (0.65 hadi 0.86), p < 0.0001, na τ² inashuka kutoka 0.313 hadi 0.076, kama 76% ya utofauti. Modeli inakadiria RR 0.96 kwenye digrii 10 na 0.40 kwenye digrii 40. Maelezo yanayotajwa sana ni bakteria wa mazingira wa jamii moja na TB, ambao wanapenda joto na huenda wanawapa watu kinga kidogo kabla ya chanjo au wanaficha faida yake, ila latitudo inabeba mambo mengi kwa pamoja na huu ni uhusiano kati ya majaribio, sio kati ya watu. Njia ya mgao haikueleza kitu (p = 0.41).

Na bado kuna mabaki, QE = 30.73 kwa df 11, p = 0.0012, I² iliyobaki 68%. Haiti iko digrii 19, mstari unaitabiria 0.74 lakini yenyewe imetoa 0.20 (0.08 hadi 0.50), wakati Georgia na Alabama kwenye digrii 33 zilitabiriwa 0.49 na zikatoa 0.98 (0.58 hadi 1.66). Hayo mawili latitudo haijayaeleza na sisi pia kwa data hii hatuna cha kuyaelezea.